Heri ya Krismasi, na haya ndo niliyowaambia maharusi wetu

Heri ya Krismasi ndugu zangu wote mlioko Moshi na nyie mliobaki mbali, najua wengine bado mko barabarani mnapambana na foleni ya kuja nyumbani, Mungu awafikishe salama. Jana tulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yangu, mimi na mama watoto ndo tulikuwa wasimamizi, na wengi mmeniomba niwatumie yale niliyosema ukumbini, kwa hiyo nayaandika hapa kama nilivyoyasema.

Wanangu, Desemba huku kwetu ni mwezi wa kurudi. Mama anaanza kuhesabu siku tangu Novemba, anafua mashuka, anaacha mkungu wa ndizi kihambani wa mtori wa mtu fulani, na hajaandikiwa barua wala nini, ameambiwa tu kwa simu "mama nitakuja". Akifika basi furaha, asipofika ule mkungu unaivia pale pale na mama haongei. Leo asubuhi kanisani nyie mmeambiana neno hilohilo, tena mbele ya mashahidi na mkasaini. Uaminifu mimi naujua hivyo, kurudi kwa mwenzako, na simaanishi mwili tu, hata ukweli wako urudi nyumbani kabla hajauulizia.

Nawaambia kwa sababu nilikosea, na mama watoto kaniruhusu niseme. Mwaka wa sita wa ndoa yetu mdogo wangu alikwama nikamkopea laki tisa kwenye kikundi, riba asilimia kumi, marejesho miezi sita, yaani 165,000 kila mwezi. Sikumwambia mke wangu. Ningetaka kuweka nyumba rehani nisingeweza, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mtu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ila kile kikundi hakikudai saini ya mke ndo maana nikakichagua, na hapo jamani ndo kosa lilipoanzia, sio kwenye hela, ni pale nilipotafuta mlango asioulinda. Nyumbani nikasema ofisini wananikata. Nikalipa miezi miwili, wa tatu nikashindwa, simu nikaanza kuilaza kifudifudi mezani na ikiita natoka nje. Mke wangu akadhani kuna mwanamke. Miezi miwili analala na hilo wazo moyoni, mimi najiona mwaminifu kwa sababu sina mwanamke! Mpaka siku watu wa kikundi walipokuja kuchukua friji mimi niko kazini, mwanangu mdogo ndo akawafungulia.

Mke wangu akarudi kwao Marangu. Nikaenda na jani la isale kama wazee walivyotufundisha, na nyie mnajua ukiletewa isale hukatai, akanisamehe. Lakini sikilizeni vizuri hapa, isale inaondoa kinyongo, hailetei mtu usingizi. Alirudi ila kila simu ikilia anashtuka, na kumwambia niamini haikusaidia kitu, maana maneno ndo yaleyale niliyomdanganyia.

Kilichosaidia ni yeye mwenyewe alikileta, daftari la shule la mistari. Kila jumapili ya mwisho wa mwezi watoto wakishalala tunakaa mezani, simu zote mbili zinawekwa wazi, tunasoma meseji za miamala moja moja, kilichoingia, kilichotoka, nani anatudai. Halafu kila mmoja anasema jambo moja ambalo mwenzake hajui. Hilo la mwisho ndo gumu, mwezi wa kwanza nilikaa kimya karibu nusu saa. Deni lililobaki, 660,000, tulilimaliza pamoja, yeye na hela ya kuku zake. Ila kushtuka kwake kulichukua kama miaka miwili kuisha, nilijua kumeisha siku simu yangu ilipoita niko bafuni akaniitia tu "baba nanii, unapigiwa" akaendelea kuchambua mchicha.

Bwana harusi, mwanangu, ukishaona unachagua njia fulani kwa sababu tu mwenzako hatajua, simama hapo hapo, usisubiri mwanamke aingie ndo useme umekosea. Bibi harusi na wewe, ukihisi kitu uliza mapema hata kama sauti inatetemeka, mke wangu anasema mpaka leo anajutia ile miezi miwili ya kunyamaza. Na nyie wageni, hasa sisi ndugu, tukikwama tuwaombe wakiwa wote wawili, tusimvute mmoja pembeni tukamwambia "usimwambie shemeji".

Kwenye zawadi zenu kuna daftari, mama watoto kalifunga kwa kitambaa cha kitenge. Jumapili ya mwisho ya Januari mtalifungua. Haya ndafu imeshafika, ikateni mlishane, na wote mnaosoma hapa Heri ya Krismasi na mwaka mpya, mama zenu wanawasubiri.