Tangazo Lililosukuma Kitufe cha "Kesho"

Mwezi haupiti bila mteja kutuuliza: "Mwanitoza elfu kumi na nane kubandika tangazo kwenye apu, na kijana wa mtaani anasema atanifanyia kwa tatu?" Tumeshazoea. Wengi huenda kwa huyo kijana, na baadhi yao hurudi. Huyu ninayetaka kusimulia habari zake alirudi amekasirika, akisema sisi ndio tuliomharibia apu.

Apu yenyewe tulimtengenezea sisi. Inaonyesha saa za maji kujaa na kupwa hapa Mombasa, na siku za bamvua na za maji mafu. Wanaoitumia ni wavuvi, watembeza wageni kwa mashua, na akina mama wanaokwenda miambani kuchokoa pweza. Skrini ni moja tu: juu kuna jedwali la leo, na chini kabisa, pale kidole gumba kinapofika bila kujinyoosha, kuna kitufe cha "Kesho". Kitufe hicho ndicho kinachobonyezwa kuliko kitu kingine chochote.

Mpwa wa mteja huyo, ndiye kijana wake wa elfu tatu, alibandika bango la matangazo chini ya kitufe hicho, kazi ya jioni moja. Ukitazama picha ya skrini huoni kosa lolote, tangazo limekaa chini na kitufe kimekaa juu yake. Kosa linaonekana apu inapofunguka. Kwa hiyo tulichukua simu ya bei ya chini, tukawasha data ya kawaida, tukarekodi skrini kwa video, kisha tukaitazama polepole.

Sekunde ya kwanza jedwali linatokea, na "Kesho" iko chini kabisa kwa sababu bango bado halijafika na halijatengewa nafasi. Sekunde ya pili inapita. Kidole cha mtu kiko njiani kuelekea "Kesho". Hapo tangazo linashuka kutoka mtandaoni, linachukua kimo chake na kukisukuma kitufe juu. Kidole kinatua, lakini palipokuwa na "Kesho" sasa pana tangazo la mkopo. Mvuvi anajikuta kwenye tovuti asiyoitaka, bando lake likiliwa. Ongeza na vidole vyenye maji ya chumvi, ambavyo hata kwenye skrini iliyotulia havilengi vizuri.

Mteja wetu yeye aliona neema. Dashibodi ya AdMob, mtandao wa matangazo wa Google, ilipanda mpaka karibu dola 70 mwezi wa kwanza. Akafurahi, akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Nisaidieni, kila mtu abonyeze tangazo mara mbili." Mwezi uliofuata akaunti ikawekewa kikomo cha matangazo, sehemu kubwa ya zile fedha ikakatwa, na kwa vile Google hailipi mpaka salio lifike dola 100, hakuwa ameshika hata senti moja.

Nilimweleza hivi: anayelipa si Google, ni mwenye duka aliyetangaza. Yeye hulipa ili apate mnunuzi. Watu wakibonyeza na kurudi nyuma papo hapo, mtandao unaweza kuihesabu mibonyezo hiyo kuwa batili na kumrudishia mwenye duka fedha zake, na zinatoka kwenye salio lako. Mbonyezo wa kuteleza na mbonyezo wa shangazi yako kundini, kwa upande wa mwenye duka, ni hasara ileile. Sera zinakataza kuwaomba watu wabonyeze, na zinakataza kuliweka tangazo pale kidole kinapofanya kazi. Mibonyezo ya bahati mbaya ikizidi, Google inaweza hata kumtaka mtu athibitishe kwanza kwamba kweli anataka kulifungua tangazo. Kikomo kile hakina rufaa. Wenyewe husema kwa kawaida hukaa chini ya siku 30, nasi kilitukalia kama wiki tatu.

Dalili alikuwa nayo tangu mwanzo. Kwenye dashibodi kuna asilimia ya mibonyezo kwa kila tangazo lililoonyeshwa, iliyoandikwa CTR. Ikipanda ghafla siku ulipohamisha bango, usishangilie, kachukue video ya skrini.

Marekebisho yalianza kwa kulitengea tangazo nafasi kabla halijafika. Bango la kujirekebisha hukupa kimo chake mapema, unachohitaji ni upana wa skrini kwa dp, si kwa pikseli:

```
val saizi = AdSize.getCurrentOrientationAnchoredAdaptiveBannerAdSize(this, upana)
sehemuYaTangazo.minimumHeight = saizi.getHeightInPixels(this)
```

Sasa pale chini pana mstari mtupu tangu apu inapofunguka. Tangazo lije, lichelewe, au lisije kabisa kwa kukosa mtandao, hakuna kinachosogea. Kisha tukaipandisha "Kesho" juu ya jedwali, kando ya tarehe, ili kati ya kitufe na bango kuwe na jedwali zima. Mteja alilalamika kwamba nafasi tupu inaonekana mbaya. Kweli, si nzuri, lakini haimdanganyi mtu.

Upo pia ule ulafi wa tangazo la skrini nzima linalopigwa mara tu apu inapofunguliwa. Mpwa alilitia, likawa linatokea mtu ameshaanza kusoma saa za maji. Sera za AdMob na za Play Store zote zinalikataa hilo. Tulilitoa, na hatukuona haja ya kulirudisha kwenye apu ya skrini moja.

Halafu uzito. Maoni ya watumiaji yalisema apu "imekuwa mzee". Tukapima muda wa kufunguka kwa amri hii, tukitazama `TotalTime`:

```
adb shell am start -S -W jina.la.apu/.MainActivity
```

Kwenye simu ileile ilitoka milisekunde 3,900. Sababu ni kwamba maktaba ya matangazo, yaani msimbo wa Google unaoyaleta, ilikuwa inaamshwa kwanza, kwenye njia ileile inayochora skrini, kwa hiyo jedwali lilisubiri foleni. Saa za maji tayari zimo ndani ya simu, hazina sababu ya kumngoja mtangazaji. Tuliacha jedwali lichorwe, ndipo maktaba ikaamshwa kando, na katika faili ya `AndroidManifest.xml` tukawasha `OPTIMIZE_INITIALIZATION` na `OPTIMIZE_AD_LOADING`. Ikashuka hadi 1,700. Haikufika ilivyokuwa kabla ya matangazo, na haitafika. Maktaba ile ina uzito wake, na atakayekuambia tangazo halipunguzi kasi hajapima.

Elfu kumi na nane inaishia huko, kwenye siku mbili za video, vipimo na simu tatu za bei ya chini tunazoziweka kwa kazi hiyo. Humo pia mna kujaribu kwa kitambulisho cha majaribio, `ca-app-pub-3940256099942544/9214589741`, badala ya kile chako halisi. Mpwa alikuwa akijaribu kwa kile halisi, na akijibonyezea mwenyewe kuona kama kinafanya kazi. Huyu mteja hatimaye alitulipa bei ileile, juu ya zile tatu alizokwisha kulipa.

Mapato yake sasa ni madogo kuliko ile 70 ya mwezi wa kwanza, ila hayakatwi. Wiki iliyopita alipiga simu kuuliza kama tunaweza kuongeza bango la pili, "dogo tu, hapo karibu na Kesho." Nilimwambia aje dukani aione tena ile video.

Nawe ukitaka bei kutoka kwetu, usitutumie picha ya skrini. Tutumie video ya apu yako ikifunguka kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote nyumbani kwako, data ikiwa imewashwa na Wi-Fi imezimwa.