Barua kwa Shangazi: ile sketi ilikuwa kosa langu

Shikamoo Shangazi.

Simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti niliokutumia una wiki mbili haujasikilizwa. Basi naandika hapa, ambapo wajukuu zako wanapita kila siku. Atatokea mmoja akusomee. Jina lako silitaji, wala la mtu mwingine yeyote. Wahusika watajijua.

Habari yenyewe ni ile sketi ya Dada. Tangu siku ya kuvishwa pete mtoto wa baba mdogo umekuwa ukisema Dada alikupiga kijembe mbele ya wageni, tena amekuja nacho kutoka Dar makusudi, kimeshonwa kabisa. Maneno yameshafika Muheza. Dada mwenyewe kanyamaza, anasema mtu mzima hajibiwi. Mimi ndiye ninayejua sketi ile ilivyopatikana, kwa hiyo nisikilize hadi mwisho, kisha ukitaka kukasirika uwe na wa kumkasirikia.

Rangi mlituchagulia ninyi: kijani na manjano, ndivyo lilivyosema grupu la familia. Mimi nilitaka kitenge. Nilishaona mshono kwenye simu, mabega juu, kiuno kimebanwa. Dada akakataa katakata. Akasema shughuli ya pete Tanga, watu wanakaa mkekani, mama mkwe anaingia na masinia, halafu sisi tuje tumevaa mabega kama mbawa za kunguru? Tunavaa khanga, tunashona sketi na blauzi, yamekwisha. Tulibishana kuanzia Magomeni mpaka daladala inatushusha Kariakoo, na unajua mimi na Dada tukibishana nani hushinda.

Mtaa wa Uhuru tuliingia maduka manne. Dada ananunua khanga kama bibi alivyokuwa akinunua. Anashika pindo kwanza, anasugua kwa kidole gumba kujua kama ni pamba yenyewe au ni wanga tu umepakwa kikawa kigumu. Kisha anageuza upande wa nyuma aone rangi imepenya kiasi gani. Nyuma ikiwa imefifia sana, anairudisha bila kuuliza bei. Duka la nne ndipo tulipoiona. Ilikuwa imetundikwa juu mlangoni: mji wa kijani, pindo la manjano lenye korosho kubwa kubwa, na jina chini limeandikwa TUNAWATAKIA KHERI. Dada alipiga kofi. Akaagiza doti mbili, yake na yangu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wala hatukujua. Muuzaji hakutushushia ile iliyotundikwa. Alichomoa doti mbili kwenye robota, zimekunjwa vizuri, na khanga ikikunjwa inaonyesha pindo na kipande cha mji basi. Jina linabaki ndani. Sisi tukatazama rangi: ndiyo. Korosho: ndizo. Tukalipa. Dada ambaye nyanya za mia tano anazigeuza moja moja, siku hiyo hakukunjua khanga. Alikuwa na haraka ya kumuwahi fundi kabla ya Ijumaa, na mimi nilikuwa nimenuna kwa ajili ya kitenge changu.

Usiku alizirowesha kwa maji ya chumvi, maana khanga mpya haishonwi kabla haijaingia maji. Pamba hurudi, na ukishona kwanza ukafua baadaye, sketi inapanda yenyewe hadi kwenye ugoko. Asubuhi tukaanika uani. Dada alikuwa anabana vibanio, mimi nimekaa kwenye ndoo nakunywa chai. Nikaona kasimama. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza:

UMDHANIAYE NDIYE SIYE.

Doti zote mbili, vipande vyote vinne. Baadaye muuzaji alituambia kwenye simu kwamba pambo moja huchapwa na majina tofauti, na kwamba kazi ya kusoma ni ya mteja. Kubadilisha hakutaka. Khanga iliyokwisha kuingia maji nani ataichukua?

Shangazi, hapa nitasema ukweli wote, kwa sababu nusu yake utaijua tu. Tulicheka. Tulicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Na ndiyo, tulikukumbuka wewe. Tulimkumbuka yule mwenye duka la vipuri uliyemleta mwaka jana, ukasema huyu ndiye, hakuna mwingine, na ulivyokuwa ukimwita mkwe kabla ya posa. Lakini tulipomaliza kucheka Dada alikaa chini akashika kichwa. Akasema, "Jina hili upande wa mwanamume wakilisoma, wataona tunamsema kijana wao. Shangazi akilisoma, ataona tunamsema yeye. Hakuna mtu ndani ya nyumba ile ambaye hatajiona humu." Hayo ni maneno yake mwenyewe. Mtu mwenye nia ya kupiga kijembe hasemi hivyo.

Tukaenda kwa fundi na swali moja: jina tulifiche vipi? Fundi ni mzee mtaratibu. Alizitandaza mezani, akatupima, akaanza kuhesabu kwa inchi. Kipande baada ya kufuliwa kilikuwa na inchi 57 kwa urefu, ndizo zinazozunguka mwili, na 42 kwa kimo. Mimi nyonga yangu 36. Ukiongeza nafasi ya kutembea na mshono zinabaki inchi kama 16 za kuchezea, na hizo akazimeza kwenye marinda mawili makubwa ya nyuma, palepale kwenye maandishi. Yakabaki UM upande mmoja na YE upande wa pili, mtu asome atakavyo.

Dada nyonga yake 48. Ukitoa nafasi na mshono anabakiwa na inchi 4, rinda moja la kubahatisha ambalo lisingefunika hata neno SIYE. Nikasema basi tukate kwa chini. Fundi akanitazama kama aliyetukanwa. Jina linakaa juu kidogo ya pindo la chini, kwa hiyo ukilikata umekata na pindo, na khanga bila pindo la chini ni kitambaa tu. Isitoshe kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu Dada anahitaji inchi 41, na zilizopo ni 42. Mshono tulitaka uwe pembeni, jina libaki katikati nyuma, kwa sababu likija mbele ni balaa zaidi, wageni wanaketi wametazamana.

Fundi akapata dawa. Kipande cha pili cha kila doti kilikuwa cha blauzi, na blauzi haili pindo lote. Akakata utepe wa korosho kutoka kwenye pindo lililobaki, mpana wa kutosha, akaulaza juu ya maandishi. Ukitazama ungedhani ni pambo la makusudi, pindo juu ya pindo. Dada akafurahi, akatoka nje kununua vifungo.

Alipotoka, fundi aliniuliza, "Niupige cherehani au niushikize kwa mkono?"

Mimi ndiye niliyemwambia ashikize.

Unajua nguo za Dada mwishowe huja kwangu. Nilishaipangia ile sketi: shughuli ikiisha naubandua ule utepe, naipunguza, naivaa mjini, na jina lile mjini ni utani mzuri sana. Utepe ukipigwa cherehani, kuubandua kungeacha matundu ya sindano. Basi mzee akashikiza kwa uzi mmoja, mishono mirefu, kama ile ya kushikilia kitambaa kabla ya kushona. Alisema, "Huu ni wa kusimama, si wa kucheza." Dada hakuambiwa hayo. Mimi sikuyafikisha.

Jumamosi unaijua. Muda wote wa pete tulikaa mkekani na hakuna kilichotokea. Mama mkwe kaingia, kamvisha mdogo wetu, vigelegele, ubani, haluwa ikapita. Dada kakaa kitako karibu saa nzima juu ya ule utepe, anajisogeza kumpisha huyu, anajisogeza kumpisha yule. Nadhani uzi ulikatikia hapo. Kisha taarabu ikafunguliwa, wanawake wakaanza kuinuka kumtunza mwali. Dada akainuka na noti yake, akacheza mpaka mbele, akainama kumbandika mwali kwenye paji la uso. Na nyuma yake, Shangazi, ulikuwa umekaa wewe.

Mimi niliuona utepe ukining'inia upande mmoja kama ulimi. Nilikuwa mbali, nimeshika sinia la sambusa. Nikakuona unasoma. Nikaona midomo yako ikienda. Nilipofika ulikuwa umeshavaa baibui na viatu.

Kwa hiyo Dada alilolitenda ni hili: hakukunjua khanga dukani, na alicheka uani. Mengine yote ni yangu. Sketi sikuichukua, iko kwa fundi. Amepiga utepe cherehani, mistari miwili, na Dada ataivaa hivyohivyo.

Alhamisi nilirudi Mtaa wa Uhuru peke yangu, duka jingine. Nimekununulia doti. Nilizikunjua zote mbili juu ya kaunta, mbele na nyuma, mpaka muuzaji akaniuliza kama natafuta pesa iliyopotea. Ni kisutu, kile cha kizamani, chekundu, cheusi na cheupe, ambacho bibi alikuwa akikitunza chini kabisa ya sanduku. Nimekichagua hicho kwa sababu hakina jina. Nimekagua kila kona, hakuna hata herufi moja.

Dada anakuja Tanga Ijumaa na basi la asubuhi, kakibeba kwenye mfuko wa bluu. Usipomfungulia atakiacha kwa jirani yako muuza vitumbua. Nimemwambia asigonge zaidi ya mara tatu.