Barua kwa wifi yangu wa Nguruka: kichanga akiwa na joto, usisubiri kukuche

Wifi yangu,

Tulipoongea kwenye simu ulisema majirani wamekwambia kichanga kupanda joto kidogo ni kawaida, anazoea hewa, na kwamba 37.8 si homa ya kumtoa mtu nyumbani usiku. Unakaribia kujifungua, kwa hiyo nakujibu kwa maandishi, na naiacha barua hii wazi kwa sababu maneno hayo nayasikia kila wiki hapa Kigoma.

Kwa kaka yake wa miaka 4, 37.8 ningekwambia mpe maji, mwangalie, kukikucha mkampime malaria. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, hiyo tayari ni dalili ya hatari, hata kama hana kingine. Mwongozo wetu wa zahanati unahesabu hadi miezi 2. Mimi nakuomba ufanye hivyo hivyo mpaka atimize 3.

Kinga ya kichanga bado haijakomaa. Kwa mtu mzima, vijidudu vilivyoingia kwenye kitovu au njia ya mkojo mara nyingi huzuiwa hapo hapo. Kwa kichanga huingia kwenye damu haraka, na kutoka kwenye damu hufika kwenye utando wa ubongo. Na mwili wake haujui kupiga kelele: ugonjwa mkubwa unaweza kuonyesha joto dogo tu, na mwingine hushusha joto badala ya kulipandisha. Chini ya 35.5 ni hatari ile ile. Ndiyo maana ukubwa wa namba hauwezi kukutuliza.

Kuna mtoto wa siku 19 aliletwa kwetu kutoka kijiji cha mwambao. Joto lilikuwa 37.8. Mama alisema ananyonya, ila nilipomwomba amnyonyeshe mbele yangu, mtoto alivuta mara tatu nne, akaachia ziwa, akalala. Tulimtoboa kisigino kupima malaria, kipimo kikasoma chanya. Baba akashusha pumzi: "Basi ni malaria tu, tupeni dawa twende."

Hapo ndipo watu wengi wa mkoa wetu wanapokwama, wifi. Malaria tunaijua, imezoeleka, na kipimo chake kinatoa jibu ndani ya dakika chache. Lakini kipimo hicho kinasema kama kuna malaria, hakisemi kwamba hakuna bakteria. Vyote viwili vinaweza kuwa ndani ya mwili mmoja. Kwa hiyo alichomwa ampisilini na jentamaisini pajani kabla hajapanda gari la rufaa, malaria nayo ikaandikwa kwenye barua yake ili itibiwe huko huko. Hospitali walitoa maji ya uti wa mgongo, yakatoka yenye ukungu. Homa ya uti wa mgongo. Alikaa wodini akichomwa sindano wiki 3, na alirudi nyumbani ananyonya. Sina hakika angefika kama wangerudi kijijini na dawa ya malaria peke yake.

Wengi wanaokuja na joto hilo hukutwa na virusi tu, nao hupona. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kumtofautisha huyu na yule, hata mimi siwezi. Vipimo vya damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo ndivyo vinavyowatenganisha, na hivyo haviko nyumbani.

Basi nunua kipimajoto cha dijitali. Kiweke katikati ya kwapa, bana mkono wake ubavuni mpaka kilie. Kama alikuwa amefungwa khanga na blanketi kwenye joto la mchana, mpunguzie nguo, subiri dakika 15, pima tena. Ikibaki 37.5 au zaidi, ondoka. Ikishuka lakini ananyonya kivivu, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika nzima, kifua kinabonyea, amelegea au amepata degedege, ondoka vilevile. Na degedege usilipeleke kwa mtu wa kufusha wala wa chale.

Parasetamoli usimpe kabla hajaonwa. Itashusha namba, bakteria wataendelea, na mhudumu atapima 36.9 na kukuambia mtoto mzima. Kama mtu alishampa, sema mapema: ilisoma ngapi, saa ngapi, amepewa nini. Joto lililopimwa nyumbani linahesabika hata kama limeshuka njiani.

Safarini mweke kifuani ngozi kwa ngozi, umnyonyeshe kila anapokubali, maana sukari ya kichanga hushuka upesi. Akikataa ziwa, kamua umpe kwa kikombe, lakini akiwa macho tu.

Mwambie kaka aweke nauli pembeni kuanzia sasa na achukue namba ya bodaboda anayekubali kutoka usiku. Nipigie mkiwa tayari barabarani, nitawaelekeza.

Wifi yako