Yah: Malalamiko ya kikoa chetu kuingizwa kwenye orodha ya HSTS bila ridhaa yetu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. HSTS ni agizo la tovuti kwa kivinjari kwamba kitumie https tu, na orodha yake ni ya majina ambayo kivinjari huyafungua hivyo hata kabla ya ziara ya kwanza. Mimi ni msimamizi wa mifumo katika duka la dawa za jumla, na kampuni yenu ndiyo inayotunza seva ya tovuti yetu pamoja na rekodi za kikoa chetu.

Jumatatu iliyopita, saa mbili asubuhi, karani wa stoo alinipigia simu kwamba ukurasa wa kutolea dawa haufunguki. Nilipofika nilikuta kompyuta imeandika `ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR`. Ukurasa ule uko kwenye seva ndogo iliyomo humo humo stoo, una anwani inayoanza na `stoo.` chini ya kikoa chetu, na unapatikana kwa http kupitia mlango wa 8080. Haujawahi kuwa na cheti. Safari hii kivinjari kiligeuza http kuwa https chenyewe kabla ya kutuma chochote, kikagonga mlango uleule, na seva haikuelewa inachoambiwa. Kompyuta mbili zilizokuwa zimesasishwa ziligoma. Ya tatu, yenye toleo la zamani na ambayo haijawahi kufungua tovuti yetu kuu, iliendelea kufanya kazi.

Nilipoikagua tovuti kuu kwa `curl -I` nilikuta inatuma kichwa hiki cha HSTS:

```
Strict-Transport-Security: max-age=63072000; includeSubDomains; preload
```

Kisha `hstspreload.org` ikanionyesha kwamba kikoa chetu tayari kimo kwenye orodha. Fundi wenu alikiri kwa simu kuwa ndiye aliyekiwasilisha, "kwa ajili ya usalama". Hakuna aliyetuuliza tuna vikoa vidogo vingapi, ilhali `includeSubDomains` huvigusa vyote.

Siipingi HSTS, niliiomba mimi mwenyewe. Mteja wetu aliye kwenye waifai ya hoteli huandika jina la tovuti tu, na ombi lake la kwanza linaweza kutoka wazi. Kumwelekeza kwenye https hakutoshi, maana maelekezo hayo nayo husafiri wazi, na aliye katikati anaweza kuyazuia akambakiza mteja kwenye http. Moxie Marlinspike alilionyesha hilo mwaka 2009 kwa programu yake ya sslstrip. Kivinjari kilichokwisha kupokea HSTS hakitoi tena ombi la wazi kwa muda wote wa `max-age`, na cheti kikiwa na kasoro hakimpi mtu nafasi ya kubofya na kuendelea. Pengo linalobaki ni ile ziara ya kwanza kabisa, na orodha hiyo huliziba. Faida hiyo naikubali.

Lakini orodha hiyo imo ndani ya programu ya kivinjari chenyewe. Kosa la kawaida la HSTS tungelirekebisha kwa kutuma `max-age=0` kupitia https. Kutoka kwenye orodha ni lazima tuombe, kisha tusubiri matoleo mapya yawafikie watumiaji, na hiyo ni kazi ya miezi. Wakati huo wote kila jina lililo chini ya kikoa chetu linalazimika kuwa na https, hata la stoo ambalo halionekani nje.

Mlipaswa kuanza hivi kwenye nginx, kwa tovuti kuu peke yake:

```
add_header Strict-Transport-Security "max-age=300" always;
```

Hizo ni dakika tano. Kosa lingeisha kabla karani hajamaliza chai. Bila `always`, kurasa za makosa kama 404 na 500 hazipati kichwa hicho. Baada ya hapo ni wiki moja, 604800, kisha mwezi, 2592000, huku mkisikiliza nani amelalamika. `includeSubDomains` ingekuja baada ya kuhesabu vikoa vidogo vyote pamoja nasi, na `preload`, inayoruhusu kuingizwa kwenye orodha, mwisho kabisa, kwa barua yetu.

Hata hicho mlichoweka hakijakamilika. Sehemu ya `/picha/` ina `add_header` yake ya `Cache-Control`, na kwa sababu hiyo nginx haikurithi ile ya juu. Picha zetu zinatoka bila HSTS.

Naomba yafuatayo. Ondoeni `preload` na `includeSubDomains` leo, na mtume ombi la kututoa kupitia `hstspreload.org/removal`. Kwa kuwa seva ya stoo haifikiki kutoka nje, wekeni rekodi ya TXT tutakayowapa ili tupate cheti cha Let's Encrypt kwa njia ya DNS. Kwa sasa karani anatumia namba ya IP, ambayo HSTS haiigusi, lakini printa ya lebo imefungwa kwa jina na haichapi. Rekebisheni `/picha/`. Pia tunadai kurejeshewa ada ya mwezi huu, kwa kuwa kwa siku tatu dawa zilitolewa kwa kuandikwa daftarini.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku saba.

Msimamizi wa Mifumo