Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Redio ya Umma na Msikilizaji wa Kiunga

Ndugu wanachama, Assalaamu alaykum.

Mwaka huu kamati yenu imeshughulika zaidi na swali moja: redio ya umma ikiwa ni ya kila mwananchi, je, mvuvi wa Kiunga naye amo?

Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka, na baada ya upeo wa macho hufifia upesi. Mnara wa mita 100 ukisimamishwa mjini Lamu, msikilizaji mwenye antena ya mita 3 ataupata hadi kilomita 48 hivi. Faza, iliyo umbali wa kilomita 35 hivi, itasikia. Kiunga, iliyo karibu kilomita 90, haitasikia, na kuongeza nguvu ya mtambo hakutasaidia sana; unahitajika mnara wa pili huko mbele. Mawimbi ya AM, yaani ya masafa ya kati, hufuata uso wa dunia na hufika mbali sana juu ya maji ya chumvi, lakini mitambo yake hula umeme mwingi, na usiku huingiliwa na vituo vya mbali.

Kituo cha kibiashara hakitajenga mnara huo, wala sikilaumu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu yote, na mtangaza bidhaa hulipia wingi wa masikio. Wajibu wa shirika la umma huanza pale hesabu ya faida inapokataa, ndiyo maana tunapolipima hatuulizi ni wangapi wanaolisikia, bali ni nani asiyelisikia.

Kufika pekee hakutoshi, kwa kuwa hata redio ya dola hufika. Mwaka 1964 shirika letu la utangazaji lilitaifishwa likawa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likarudishwa kuwa shirika, KBC. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inavitaka vyombo vya habari vya dola viamue vyenyewe maudhui yao, visipendelee, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Hata hivyo mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais. Uingereza kaya huilipia BBC ada ya leseni, lakini kiwango chake huamuliwa na serikali, kwa hiyo hata huko kamba haijakatwa yote.

Kipimo chetu kiko hapa hapa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Redio ya dola hutangaza uzinduzi wa gati na hotuba ya waziri. Ya kibiashara humfuata mvuvi siku ambayo habari yake ina soko. Ya umma inapaswa kumpa mvuvi muda ule ule aliopewa waziri, na kurudi kwake hadi ijulikane kama amelipwa.

Kamati imeazimia kuomba ramani rasmi ya usikivu wa kaunti yetu. Wanachama wa Kizingitini, Kiwayu na Kiunga wanaombwa kuandika, kwa mwezi mzima, saa wanazoipata redio ya umma na saa inapopotea, ili ramani hiyo ilinganishwe na daftari zao.