Ukingo wa daftari si mwisho wa mshororo

Ndugu Mhariri,

Mwaka huu, katika arobaini ya marehemu mjomba wangu hapa Mikindani, tuligawa kijitabu cha mashairi yake. Alikuwa ameyaandika kwa kalamu ya wino katika daftari dogo, lile la kutia mfukoni. Tulilipeleka steshenari likachapwa kwenye kompyuta. Kila neno limo, na tahajia ni sahihi, lakini watu walipoanza kuyaghani walikwama ubeti wa kwanza. Mistari ilitoka hivi:

Bahari ya Mikindani, leo
imetulizana,
Ngalawa zimo majini, wavuvi
wanapishana,
Matenga tele pomoni, samaki
wanasongana,
Ndugu njooni sokoni, riziki ni
kugawana.

Aliyechapa alifuata daftari kwa uaminifu, na hapo ndipo shairi lilipoharibika. Ukurasa ule ni mwembamba. Mjomba alipofika ukingoni kabla mshororo haujaisha, alishuka chini akamalizia neno lililobaki. Kushuka kule kulitokana na uhaba wa karatasi tu. Anayenakili asipotenganisha ukingo wa karatasi na mwisho wa mshororo, ubeti wa mishororo minne unageuka kuwa wa mistari minane.

Namna ya kugundua ni kuhesabu mizani. Mstari wa kwanza hapo juu una mizani 10, wa pili 6. Wa tatu una 11, wa nne 5. Jozi ya mwisho ni 12 na 4. Peke yake kila mstari ni kilema, lakini ukiunganisha wawili wawili unapata 16 kila mara, na koma imekaa baada ya mizani ya nane. Sasa vina navyo vinajitokeza, *ni* katikati na *na* mwishoni:

Bahari ya Mikindani, leo imetulizana,
Ngalawa zimo majini, wavuvi wanapishana,
Matenga tele pomoni, samaki wanasongana,
Ndugu njooni sokoni, riziki ni kugawana.

Anayehesabu awe mwangalifu na herufi *m*. Katika *mbuyu* inatamkwa peke yake, hivyo neno lina mizani tatu. Katika *mbuzi* imeungana na *b*, nalo lina mbili. Nimemwona mtu akipata 15 akadhani marehemu alikosea, akaongeza neno lake mwenyewe. Hilo silikubali kabisa. Ukihesabu mara tatu na bado mshororo umepungua, uache ulivyo.

Mwanya kati ya beti nao ulitutesa. Ubeti wa nne ulianzia chini ya ukurasa, mishororo mitatu, wa mwisho ukaangukia ukurasa wa pili. Kwenye kijitabu pakaachwa nafasi pale pale, ikaonekana kama ubeti wa mishororo mitatu ukifuatwa na mstari yatima. Kibwagizo ndicho kilichotuonyesha kosa, maana “Ndugu njooni sokoni” kinafunga kila ubeti. Ila mashairi mengine hubadilisha mshororo wa mwisho kila ubeti, kwa hiyo huko utategemea vina.

Kwa nyimbo za kanisani mizani 16 haikusaidii, kwa sababu mistari yake hufuata tuni. Jirani yangu, mwalimu wa kwaya, ananakili daftari la nyimbo la mama yake, naye hupima kwa kuimba. Beti zote za wimbo mmoja huimbwa kwa sauti ile ile, basi ubeti wa pili ukiwa na mistari minne na wa tatu mitano, anarudi kwenye daftari. Mama yake aliandika kiitikio mara moja tu, baada ya ubeti wa kwanza, kisha akaweka “Kiit.” chini ya kila ubeti uliofuata. Mwalimu huyo haifuti alama hiyo, kwani bila hiyo mwimbaji mgeni ataunganisha beti moja kwa moja.

Kwa wachapaji, katika Word ukibonyeza `Enter` kila mwisho wa mshororo, programu huuhesabu kama aya mpya na mara nyingi huongeza nafasi chini yake. Mishororo yote inatengana sawasawa, beti hazionekani tena. Tumieni `Shift+Enter` ndani ya ubeti, na `Enter` ubeti unapokwisha. Vipande viwili vya mshororo vitenganisheni kwa koma kama alivyofanya mwandishi. Nafasi tupu nyingi hupotea maandishi yakihamishiwa kwingine. Mshororo usipoenea upana wa karatasi, punguzeni ukubwa wa herufi au lazeni ukurasa.

Nakala za arobaini tumeanza kuzikusanya nyumba kwa nyumba. Daftari lenyewe tumelipiga picha kila ukurasa, kingo zote nne zikionekana, ili atakayetilia shaka mshororo wowote aone mahali karatasi ilipomwishia mjomba.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara