Barua ya wazi kwa wake na mabinti wa Ng'ambo, Tabora, kuhusu vileja vya jirani yetu

Wanangu na wajukuu zangu, Assalamu aleikum.

Nawaandikia nikiwa na kinyongo, kwa sababu sahani za vileja alizowapelekea jirani yetu mjane Idi hii zilipokelewa kwa minong'ono. Mlisema vimetandazika kama chapati, vina mafuta, vinamomonyoka mkononi, na kwamba bibi wa watu amezeeka. Hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza kulikoni.

Mimi nilimuuliza, akanionyesha karatasi ya mama mkwe wake. Vipimo ni sahihi: unga wa mchele nusu kilo, samli robo, sukari robo, mayai mawili na iliki ya kutwangwa. Baada ya hapo imeandikwa tu kuwa samli ichanganywe na sukari. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akiipiga samli, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ni marehemu mumewe, aliyekuwa akirudi kutoka sala ya alfajiri na kuchukua bakuli mwenyewe, wakati samli bado imeganda kwa baridi ya usiku. Yeye alikuwa akikabidhiwa samli iliyokwisha kuwa nyeupe, na hakuwahi kuihesabu kuwa ni hatua ya mapishi. Safari hii alianza alasiri, kopo likiwa kando ya jiko la mkaa, akamimina samli iliyoyeyuka.

Eleweni kilichoharibika. Unga wa mchele haunati kama wa ngano, hivyo kileja husimama kwa mayai na kwa hewa inayonaswa ndani ya samli iliyopigwa. Samli iliyoyeyuka hainasi hewa. Hutiririka mara inapopata moto, na kileja hulala. Pigeni samli iliyoganda pamoja na sukari mpaka rangi ya manjano ipauke, ujazo uongezeke, na chembe za sukari zisisikike sana vidoleni. Ikilegea, wekeni bakuli ndani ya beseni la maji ya mtungi. Kabla ya kuoka trei nzima, okeni kileja kimoja. Kikitandazika, lipumzisheni donge mahali pa baridi. Makaa ya juu yazidi ya chini. Msiviguse kabla havijapoa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi hiyo inataka mkono wenye nguvu, na mtaa huu umejaa vijana wanaoshinda barazani wakisubiri sahani ipite. Zamani mjane hakuachwa peke yake na kinu wala bakuli mkesha wa Idi, na leo tunamwachia vyote, kisha tunamsahihisha kwa kumcheka.

Idi el Hajj inakuja. Samli yake nitailaza kwangu usiku, na baada ya alfajiri nataka wawili kati ya wajukuu zangu wawe uani kwake, wamekunja mikono ya kanzu, wakipokezana mwiko.